Mwanangu amemeza mbegu ya tikiti: je, itaingia kwenye kidole tumbo?

Barua

Shangazi, shikamoo.

Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Jumamosi jioni nilikata tikiti maji, nikawa namtolea mbegu na kumpa vipande. Nikageuka kumhudumia dada yake, kugeuka tena naona mbegu nyeusi ipo kwenye ulimi wake. Kabla sijamfikia akawa ameshaimeza. Alikohoa mara moja au mbili, kisha akanyoosha mkono kuomba kipande kingine, nikampa akala.

Tangu hapo nyumba haina amani. Mama mkwe anasema mbegu huingia kwenye kidole tumbo na mtoto akachanwa, kwa hiyo anataka nimpe mafuta ya nyonyo yamsafishe. Jirani alishauri nimtie kidole kooni atapike. Mume wangu anasema tumpeleke akapigwe picha, lakini kwa hali tuliyonayo itabidi tukope. Dada yake, mwenye miaka sita, analia kwamba tikiti litaota tumboni mwa mdogo wake.

Mtoto anacheza, anakula, anapata choo. Mimi ndiye silali, usiku namshikashika tumbo. Je, kuna hatari? Nimpe hayo mafuta? Na nimkatalieje mama mkwe bila kumkosea adabu?

Mama asiyelala, Tanga

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha. Mbegu ya tikiti iliyokwisha kufika tumboni haimdhuru mtoto. Hata angemeza tano, ningekujibu hivyo hivyo. Itatoka na choo ikiwa nyeusi na nzima kama ilivyoingia, na huenda unaposoma haya imeshatoka wewe usiione. Pamoja na hayo, tuifuate njia yake taratibu, maana naona watu wazima wote hapo nyumbani mnalitazama tumbo, wakati neno lililonisimamisha katika barua yako ni lile la kikohozi. Nitalifikia.

Mbegu ya tikiti lililoiva ina urefu wa sentimita moja hivi na unene wa milimita mbili au tatu. Ni bapa, ni telezi, na haina ncha ya kuchoma. Mtoto anapomeza kitu kisicholiwa, madaktari huhofia zaidi sehemu mbili nyembamba: umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, na lile tundu ambalo chakula hupitia kikitoka tumboni kwenda utumbo mwembamba. Kwa mtoto wa umri wa huyu wako, vitu vinavyokwama hapo kwa kawaida vina upana wa sentimita mbili na kuendelea, au urefu unaozidi sentimita tano. Mbegu yako haikaribii hata nusu ya vipimo hivyo. Tena, mtoto aliyekwamiwa na kitu kwenye umio huonekana wazi: mate yanamtiririka, anakataa kumeza hata maji, au anatema kila anachopewa. Wako aliomba tikiti jingine akalimeza. Kwa hiyo mlango huo ameshaupita.

Huko tumboni mbegu inakutana na asidi kali, lakini ganda lake limeundwa kwa nyuzi ngumu ambazo mwili wa binadamu hauna nguvu ya kuzimeng'enya. Ndiyo maana kwenye nepi unaona maganda ya mahindi na mbegu za nyanya zimetoka vilevile. Ganda hilo linaihifadhi mbegu ndani yake, na linamwacha mtoto salama, kwa sababu hakuna kinachotoka ndani ya mbegu kuingia mwilini. Na hata mtoto angeitafuna ikapasuka, kilichomo ndani ni chakula. Misri huzikaanga mbegu hizi kwa chumvi na kuzitafuna kama karanga, na huko Afrika Magharibi mbegu za jamii hiyo ya tikiti husagwa zikaungwa kwenye mchuzi. Sumu unayoweza kuwa umeisikia, ile ya kokwa za matunda mengine, haimo humu.

Binti yako mkubwa naye anastahili jibu la kweli, asichekwe tu. Mwambie mbegu haioti bila hewa, na tumboni hakuna hewa ya kuitosha. Halafu mwambie jambo la pili, ambalo watoto huwa wanalipenda: mbegu ya tikiti hata ikipandwa kwenye udongo mzuri wenye joto huchukua kama siku nne hadi kumi ndipo ichipue, wakati tumboni mwa mdogo wake inakaa siku moja hadi tatu tu. Inatolewa nje kabla haijaanza lolote. Kama bado ana wasiwasi, mpe mbegu mbili azifukie kwenye kopo lenye udongo, azimwagilie na kuhesabu siku mwenyewe.

Sasa hili la kidole tumbo, maana ndilo lililowasha moto. Mama mkwe hakulizua. Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, upande wa kulia chini ya kitovu, na ni kweli kwamba huweza kuvimba kikizibwa. Ni kweli pia kwamba mara chache sana wapasuaji wamekuta mbegu ya tunda ndani ya kidole tumbo walichokiondoa. Habari kama hiyo husafiri mbali kwa sababu inashangaza. Lakini kinachokiziba kidole tumbo kwa kawaida si mbegu. Mara nyingi ni kipande cha choo kilichokauka kikawa kigumu, au ni tezi ndogo zilizomo kwenye kuta zake zinazovimba mtoto anapougua ugonjwa mwingine. Watu wanameza mbegu za nyanya, mapera, pilipili na matikiti kila siku maisha yao yote, na mbegu hizo hupita mbele ya mdomo wa kidole tumbo zikaenda zao. Na kwa mtoto mdogo namna hii hali ni nyepesi zaidi: mdomo wa kidole tumbo chake bado ni mpana, mfano wa faneli, hivyo kinachoingia hutoka kwa urahisi. Ugonjwa huu kwa watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra mno, awe amemeza mbegu au hajameza.

Ipo hali moja ambapo mbegu huleta taabu ya kweli tumboni, nayo inahusu wingi. Mtoto akila viganja vya mbegu zilizokaangwa pamoja na maganda yake, zinaweza kujikusanya karibu na njia ya haja kubwa na kuwa donge gumu linalokwaruza. Mtoto anajikamua, analia, choo hakitoki, au kinachuruzika maji maji pembeni ya donge, watu wakadhani anaharisha. Huyo anahitaji daktari. Mbegu moja haiwezi kufanya donge.

Tuje kwenye dawa ulizoshauriwa, kwa sababu hapa ndipo mtoto anaweza kuumia kweli. Mafuta ya nyonyo hufanya kazi kwa kuukera utumbo hadi ujikaze na kusukuma maji nje. Mtu mzima ataharisha siku moja na kupona. Mtoto wa kilo kumi au kumi na moja hana akiba kubwa ya maji mwilini, na kuharisha kwa nusu siku tu kunaweza kumlegeza, macho yakaingia ndani na mkojo ukapungua. La pili halizungumzwi sana: mtoto huyu hatayanywa kwa hiari. Atashikwa, atalia, atapanuliwa mdomo, na mtoto anayelia huku mafuta yakimiminwa anaweza kuyavuta kwenye mapafu. Mafuta yakiingia kwenye mapafu hayatoki kirahisi kama maji. Husababisha nimonia ya aina yake inayochukua muda mrefu kupona. Na faida yake ni ipi? Kuharakisha kitu ambacho kinatoka chenyewe keshokutwa.

Kumtia kidole kooni ni vivyo hivyo. Mbegu iliyokwisha shuka salama unairudisha juu mpaka pale njia ya chakula na njia ya hewa zinapokutana, na mara hii inapita pamoja na matapishi, mtoto akiwa anahema kwa nguvu. Maji ya chumvi ya kutapisha usiyaguse kabisa. Chumvi nyingi kwa mtoto mdogo hudhuru ubongo.

Picha aliyoisema baba yake naielewa, mzazi hutaka kuona kwa macho. Ila eksirei huonyesha vizuri vitu vizito kama chuma na mfupa. Mbegu ya tikiti haionekani. Mngekopa, mkalipia, mkarudi na picha isiyo na kitu, na bado mngebaki na wasiwasi uleule. Hesabu ingekuwa tofauti kabisa kama alichomeza kingekuwa betri ile ndogo ya mviringo, ya saa au ya rimoti, ambayo ikikwama kwenye umio huanza kuunguza ndani ya saa mbili, au sumaku mbili tatu, au kitu chenye ncha. Na kwa kuwa tumeitaja nyonyo, mbegu zake zenyewe ndizo za kuogopwa: mtoto akizitafuna zina sumu kali. Kwa hayo yote mtu anakimbia hospitali usiku huohuo hata kwa kukopa.

Sasa turudi kwenye kikohozi. Umeandika "ameshaimeza" kwa uhakika, na nadhani uko sahihi. Ila hukuiona ikishuka. Uliiona kwenye ulimi, kisha hukuiona. Nyuma ya ulimi kuna njia panda, umio upande wa nyuma na njia ya hewa upande wa mbele, na kuna kifuniko kidogo cha nyama kinachofunga njia ya hewa kila tunapomeza. Kifuniko kikichelewa, mtoto anapaliwa. Mbegu ya tikiti, kwa kuwa ni bapa na telezi, ni miongoni mwa vitu vinavyotolewa sana kwenye mapafu ya watoto wadogo katika nchi za Mashariki ya Kati, ambako kutafuna mbegu ni desturi ya kila nyumba. Kwa hiyo swali lenye uzito ni kama ilishuka kweli, au ilikwenda upande wa pili.

Jikumbushe dakika ile. Mtoto aliyevuta mbegu kwenye njia ya hewa kwa kawaida anakohoa mfululizo, kikohozi kinachomjia ghafla na kwa nguvu, uso unaiva, machozi yanamtoka, pengine anatoa sauti ya kukoroma au ya filimbi, na hilo huendelea kwa dakika kadhaa. Hawezi kunyoosha mkono kuomba tikiti papo hapo. Kikohozi kimoja au viwili, kisha mtoto anakula tena kwa raha, mara nyingi ni utomvu wa tikiti uliomgusa koo tu. Hiyo ni dalili njema.

Nakuambia "mara nyingi" kwa makusudi. Mbegu ikiingia kwenye mrija wa pafu inaweza kutulia, mtoto akanyamaza, akacheza siku kadhaa kama hana kitu. Baadaye mrija unavimba kuizunguka, makamasi yanajikusanya, na kikohozi kinarudi. Anapelekwa kituo cha afya, anaambiwa ni pumu au nimonia, anapewa dawa, anapata nafuu, kisha ugonjwa unarudi upande uleule wa kifua. Kinachochelewesha watoto hawa mara nyingi ni mzazi kutokumtajia daktari habari ya mbegu, kwa kuwa ilishasahaulika.

Kwa hiyo badala ya kumshikashika tumbo usiku, mtazame kifua. Akiwa amelala fofofo, mfunue nguo, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa kutumia saa ya simu. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Kwa mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni nyingi kupita kiasi. Angalia kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta hewa, na usogeze sikio usikie kama kuna sauti ya filimbi. Fanya hivyo mara moja kwa usiku mmoja au miwili, si kila saa. Ukiona hata kimoja kati ya hivyo, au akianza kikohozi kisichoelezeka, au sauti yake ikibadilika, mpeleke, na neno lako la kwanza kwa daktari liwe hili: "Jumamosi alikuwa na mbegu ya tikiti mdomoni, akakohoa." Hapo hata eksirei ikionekana safi, daktari anaweza kuamua apelekwe hospitali ya rufaa, wakamlaza usingizi na kuingiza mrija wenye kamera kuangalia ndani ya njia ya hewa na kuitoa.

Kama moyo wako bado mzito, ipo njia ya katikati ambayo haihitaji mkopo: mpeleke kituo cha afya cha karibu, daktari au tabibu aweke kipimo cha kusikilizia pande zote mbili za kifua na kuzilinganisha. Mtoto mwenye hali uliyoieleza anaweza kukaa nyumbani, na wapo wazazi ambao hulala vizuri zaidi wakishasikia "kifua kiko safi." Pima mwenyewe, unamjua mtoto wako na unaijua safari ya kufika huko.

Kuhusu nepi, huna haja ya kuchambua choo. Mbegu ikionekana, vizuri. Isipoonekana kwa wiki nzima haina maana kwamba imebaki, imefunikwa tu. Mpe chakula chake cha siku zote na maji ya kutosha. Matapishi ya kijani, tumbo kuvimba na kukaza, damu kwenye choo, au kilio cha kukunja magoti ni mambo ya kumfikisha hospitali haraka mtoto yeyote, awe alimeza mbegu au la. Usikae ukiyangojea eti kwa kuwa tumezungumza habari za mbegu.

Mama mkwe usimwambie amekosea kuhusu kidole tumbo, kwa sababu hakukosea kabisa, na ukianzia hapo mtabishana hadi mafuta yanywewe kwa hasira. Anzia kwenye pafu. Mwambie: "Mama, naogopa akilia yasije yakampalia yakaingia kifuani." Bibi aliyelea watoto anajua kupaliwa ni nini kuliko daktari yeyote. Kisha mpe kazi ya kweli: awe yeye wa kumhesabia mtoto pumzi wakati wewe unapika, au wa kumpa maji. Kama mume wako ndiye anayesikilizwa zaidi na mama yake, neno hilo litoke kwake.

Na tikiti usimnyime. Kata vipande virefu vyembamba anavyoweza kuvishika na kung'ata, ondoa mbegu nyeusi kwa ncha ya kisu kabla kipande hakijafika mikononi mwake, na mketishe. Asile akikimbia, akicheka au akilia. Zile mbegu nyeupe laini ni maganda matupu, zisikuchoshe. Uangalifu huu uendelee hadi miaka minne hivi, kwa kuwa magego ya nyuma ya kusagia ndiyo kwanza yanakamilika kati ya miaka miwili na mitatu, na njia ya hewa bado ni nyembamba. Karanga na korosho nzima zinastahili ukali huohuo, pengine zaidi.

Siku akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimtie kidole mdomoni bila kuona kitu, utakisukuma ndani. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele kichwa kikiwa chini ya kifua, mpige mgongoni katikati ya mabega mara tano kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, piga magoti nyuma yake, weka ngumi kati ya kitovu na mfupa wa kifua, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu kwa nguvu mara tano. Rudia mgongo, rudia tumbo, mtu mwingine akiita usafiri. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka usikandamize tumbo. Mlaze chali juu ya paja na ukandamize katikati ya kifua kwa kisigino cha kiganja kimoja. Na aliyekandamizwa tumbo apelekwe akaangaliwe hata kama kitu kimetoka, kwa sababu nguvu ile inaweza kuumiza ini au bandama.